Bomba limepasuka ndani: maswali ya kukausha nyumba na kuvu, Unguja na Pemba

Maswali haya ndiyo tunayoulizwa kila mara na majirani, wapangaji na wenye nyumba wanapopatwa na mkasa wa bomba. Yameanzia saa ya kwanza maji yanapoonekana, yakaishia kwenye hali ambazo si za kila siku. Swali likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, tumekurejesha pale pale.

## Saa za mwanzo

Nimeamka nimekuta maji yamejaa chumbani. Nianze na nini?

Anza na umeme, hata kabla ya maji. Zima swichi kuu ya nyumba ikiwa unaweza kuifikia ukiwa umesimama pakavu. Ikiwa swichi yenyewe iko kwenye ukuta uliolowa, au maji sakafuni yamefika kwenye soketi, usiingie. Mwite fundi umeme kwanza.

Kisha funga maji, na ufunge pahala pawili. Watu wengi hukimbilia koki ya kwenye mita, wakashangaa mbona maji bado yanatoka. Nyumba zetu nyingi zina tanki juu ya paa, na tanki la lita 1000 likiwa limejaa litaendelea kumwaga yote hayo chumbani hata kama mtaa mzima hauna maji. Kuna koki chini ya tanki. Hiyo ndiyo ya kufunga. Mabomba mengi hupasuka usiku kwa sababu mitaa mingi maji huja usiku: presha hurudi kwa ghafla, hewa iliyokuwa ndani ya bomba husukumwa, na kiungo kilichokuwa dhaifu huachia.

Maji yakishasimama, yasukume nje kwa mpira wa sakafu au fagio, halafu piga deki kwa matambara makavu mpaka vigae visiwe na maji ya kuonekana. Kazi hii inachosha lakini ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Ndoo moja uliyoitoa kwa mkono ni ndoo ambayo hewa haitolazimika kuibeba, na utaona chini kwamba hewa ya visiwani hubeba kidogo sana.

Kuvu huanza kuota baada ya muda gani?

Kitu kikibaki kimelowa, kuvu inaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Hutaiona wakati huo. Mbegu zake ni ndogo kupita kiasi na zimo hewani na vumbini siku zote, katika kila nyumba, safi na chafu. Kinachozizuia ni ukavu tu. Madoa ya kuonekana kwa macho, ya kijani, meusi au meupe, kwa kawaida hujitokeza siku kadhaa baadaye. Wakati mwingine wiki nzima hupita. Harufu ya kitu kilichovunda mara nyingi hutangulia doa, kwa hiyo iamini pua yako.

Kuvu nyingi za majumbani hupenda joto la baina ya nyuzi 25 na 30. Hilo ndilo joto la vyumba vyetu takriban mwaka mzima, kwa hiyo hapa hakuna baridi ya kuichelewesha. Ila vitu havilingani. Karatasi iliyobandikwa juu ya bodi za jipsam, mbao za kusaga, nguo, ngozi na maboksi huota haraka. Saruji tupu na vigae huchelewa, na ukuta wa chokaa mpya huchelewa zaidi kwa sababu ukali wa chokaa hauipendezi kuvu.

Muda huo huhesabiwa tangu kitu kilipolowa. Ikiwa maji yalimwagika saa 8 usiku na wewe ukayaona saa 12 asubuhi, saa nne zimeshakwenda.

Lakini maji ya mfereji ni safi. Kuvu inatoka wapi?

Kuvu hali maji. Chakula chake ni karatasi, gundi, pamba, vumbi la chini ya kitanda na mafuta ya mikono yaliyoganda kwenye milango. Maji ni kibali chake tu cha kuanza. Tena maji safi yaliyotuama ndani ya zulia siku mbili tatu hayaitwi safi tena. Ikiwa yaliyoingia ni ya chooni au ya karo, tazama swali la mwisho.

## Kukausha kwenyewe

Nifungue madirisha yote usiku na mchana mpaka nyumba ikauke?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na wanakosea kwa bidii. Mchana wa jua, fungua. Usiku na mvua ikinyesha, funga. Sababu yake inafaa kuelezwa kwa hesabu ndogo.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 3. Ndani yake mna mita 36 za ujazo za hewa. Adhuhuri yenye jua, joto likiwa nyuzi 30 na unyevu wa hewa asilimia 65, hewa ya chumba hicho kizima inaweza kupokea kiasi cha gramu 380 za maji tu kabla haijajaa: kikombe kimoja na nusu cha chai. Usiku, joto likiwa nyuzi 25 na unyevu asilimia 90, hewa ile ile inaweza kupokea gramu 80 na kidogo. Haifiki hata robo ya ile ya mchana. Na godoro moja la sponji lililolowa linaweza kuwa na ndoo nzima ya maji.

Mambo mawili yanatoka hapo. La kwanza, hewa ya chumbani lazima ibadilishwe mara nyingi mno, kwa hiyo madirisha ya pande mbili yawe wazi upepo upite, siyo dirisha moja. La pili, saa zenye faida ni chache, takriban saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Ukiacha wazi usiku kucha, hewa nzito ya alfajiri inaingia, na kila kitu kilichokuwa kimeanza kukauka kinarudi kulowa juujuu. Watu husema "nimefungua madirisha wiki nzima na bado kuna kuvu" nao wanasema kweli.

Feni inasaidia au inazungusha unyevu tu?

Inasaidia sana, mradi hewa ina pa kutokea. Juu ya kila kitu kilicholowa hukaa utando wa hewa iliyojaa maji, na feni huuondoa. Pangaboi peke yake halitoshi kwa sababu linapuliza katikati ya chumba, na maji yako pembezoni, chini ya ukuta. Weka feni ya kusimama chini, ielekeze iteleze kandokando ya ukuta uliolowa, na feni ya pili kama ipo itie dirishani ikitoa hewa nje. Feni isiunganishwe kwenye soketi ya ukuta uliolowa. Vuta waya kutoka chumba kikavu.

Kiyoyozi je? Na mashine ya kunyonya unyevu?

Kiyoyozi ndicho chombo bora kwa saa za usiku, pale madirisha yakiwa yamefungwa. Yale maji yanayodondoka kwenye mpira wake nje ni unyevu ulioutoa chumbani. Kwenye rimoti chagua `DRY` au alama ya tone la maji. Kinga ndoo chini ya mpira, na kila asubuhi tazama imejaa kiasi gani. Ndoo ndiyo itakayokwambia kazi imefikia wapi: maji yakipungua siku hadi siku, chumba kinakauka, yakibaki vile vile siku ya tatu, kuna bomba bado linavuja au dirisha halizibi vizuri.

Mashine ya kunyonya unyevu hufanya kazi hiyo hiyo, na haikifanyi chumba kiwe baridi, jambo ambalo ni bora zaidi kwa ukuta. Ukiweza kuazima au kukodi, itumie, lakini chumba lazima kifungwe. Kuiwasha madirisha wazi ni kutaka kukausha hewa ya bahari nzima.

Pamoja na hayo nunua kipima unyevu cha kuweka mezani. Unyevu wa chumba ukishuka chini ya asilimia 60 na kubaki hapo, kuvu hupata shida. Ukikaa juu ya 80, iko karamuni.

Tuwashe jiko la mkaa ndani? Au tuweke chumvi na makaa kwenye bakuli?

Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu hulala asiamke. Jiko la gesi nalo halikaushi: kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kwa sura ya mvuke, yaani unakilowesha chumba unachotaka kukikausha.

Bakuli la chumvi au makaa linafaa ndani ya sanduku la nguo, siyo chumbani. Na ubani au udi hufunika harufu tu. Tunaomba usifukize siku za mwanzo, kwa sababu ile harufu ya kuvunda ndiyo dalili yako ya kujua pahala palipobaki na maji.

Nini kinaokoleka na nini nikitoe moja kwa moja?

Mbao ngumu kama mvule na mninga huokoleka karibu zote. Milango na vitanda vikaushe kivulini penye upepo, kwani jua kali la ghafla hupinda mbao na kuzipasua. Mikeka na majamvi yafue na uyaanike juani siku hiyo hiyo.

Godoro la sponji lililolowa pembeni linaweza kupona ukilisimamisha, ukalikamua kwa kulikanyaga, na ukalianika juani kila siku. Lililolowa lote, kisha likafika siku ya tatu bado bichi katikati, usilirudishe kitandani. La sufi lifumuliwe siku ya kwanza, sufi ianikwe peke yake, au litupwe. Makabati ya mbao za kusaga yakishavimba chini hayarudi; msumeno ukate sehemu iliyovimba, au kabati litoke. Bodi ya jipsam iliyolegea au iliyovimba itoke, usiisubiri.

Nipeni mfano wa nyumba moja, hatua kwa hatua.

Nyumba ya matofali ya saruji, Fuoni. Bomba la kwenda bafuni lilipasuka ndani ya ukuta wa chumba cha kulala, usiku, na familia ikaona maji kwenye mwanga wa alfajiri. Kabati la nguo lilikuwa limeegemea ukuta ule ule.

Siku ya kwanza kabla ya saa 4 maji ya sakafuni yalikuwa yameshatolewa, kabati limesogezwa katikati na nguo zote ziko kwenye kamba uani. Nyuma ya kabati alama ya maji ilikuwa imepanda ukutani kiasi cha urefu wa mkono kutoka sakafuni, ingawa maji ya sakafuni hayakuzidi kina cha kidole. Hayo ni ya kawaida: saruji hunyonya maji kwenda juu. Fundi bomba alichimba ukuta, akabadilisha kipande, na tukamwomba asilizibe tundu. Tundu lililo wazi ni dirisha la ukuta. Maji ya katikati ya tofali hutokea hapo.

Vigae vya chini ya ukuta vilibanduliwa, kwa sababu nyuma yake maji hukaa bila kuona hewa. Mchana madirisha wazi na feni mbili. Usiku yamefungwa na kiyoyozi kinafanya kazi. Siku ya nne rangi ya ukuta ilikuwa imerudi kuwa moja, na mama mwenye nyumba akasema, "Mwanangu, ukuta ushakauka huu, mwite fundi rangi." Tukamwambia, "Bado, mama, hebu tupime." Tukabandika nailoni ukutani jioni. Kesho yake nyuma ya nailoni mlikuwa na jasho. Kazi ikaendelea, na nailoni ilitoka kavu baada ya wiki kadhaa. Hapo ndipo tundu lilipozibwa na rangi ikapakwa. Kabati nalo lilikuwa limeota kuvu ubao wa nyuma, ule mwembamba; likawekewa ubao mpya.

## Kuta na dari

Nitajuaje ukuta umekauka ndani, siyo juu tu?

Kata kipande cha nailoni nene kisichopitisha hewa, kiasi cha nusu mita kwa nusu mita. Kibandike ukutani pande zote nne kwa gundi ya utepe, kisipitishe upepo. Kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani, au ukuta nyuma yake umekoza rangi, maji bado yanatoka. Bandika kipande kingine kwenye ukuta wa chumba ambacho hakikuguswa na maji, upate cha kulinganishia, kwa sababu wakati wa masika hata ukuta mzima hutoa unyevu kidogo.

Kile kipimo cha misumari miwili kinachotumiwa na mafundi ni kizuri kwenye mbao. Kwenye kuta zetu kinadanganywa na chumvi, kikaonyesha maji mahali pakavu.

Nyumba yangu iko Mji Mkongwe, kuta za mawe. Mambo ni yale yale?

Hapana. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa una unene wa nusu mita au zaidi, na mawe yenyewe yana vitundu vingi. Hunywa maji mengi na kuyatoa polepole sana. Tofali la saruji huzungumzia wiki. Ukuta huu huzungumzia miezi, na hakuna feni itakayoubadilisha tabia. Usiuharakishe. Uache upumue pande zote mbili, usiupange vitu.

Hatari kubwa ni matengenezo yanayofuata. Ukiukandika kwa saruji au kuupaka rangi ya mafuta, umeufunga mdomo. Maji yaliyomo ndani yatatafuta njia nyingine, yatapanda juu zaidi au yatabandua lipu ya saruji kwa mapande. Lipu ya chokaa na rangi ya chokaa ndizo zinazoruhusu ukuta kutoa maji, na chokaa yenyewe huizuia kuvu.

La pili ni boriti za dari. Vichwa vyake vimezama ndani ya ukuta, na ukuta ukikaa na maji, vichwa hivyo ndivyo vinavyooza kwanza, pahali pasipoonekana, na mchwa hufuata. Mlete fundi anayezijua nyumba hizi agonge boriti karibu na ukuta na kuchoma kwa msumari. Msumari ukizama kwa mkono tu, dari itiwe nguzo mara moja na chumba cha chini kihamwe.

Kuna manyoya meupe ukutani. Hiyo ni kuvu?

Mara nyingi ni chumvi. Mawe ya matumbawe na mchanga wa pwani vina chumvi, na maji yanapotoka ukutani huiacha juu. Itie tone la maji: chumvi huyeyuka, kuvu haiyeyuki. Chumvi ikisuguliwa vidoleni ina punje, kuvu hulainika na kuacha doa. Iondoe kwa brashi kavu, uifagie na kuitoa nje. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani ya ukuta.

Dari ya jipsam imefanya tumbo. Nisubiri?

Usisubiri na usisimame chini yake. Umeme ukiwa umezimwa, weka ndoo, simama pembeni, na utoboe kwa bisibisi iliyofungwa kwenye fimbo ndefu, maji yatoke taratibu. Dari ikianguka kwa mpigo mmoja hushuka na uzito wa maji yote.

## Kuvu ikishaota

Nipake jiki iishe?

Kwenye vigae na vioo, jiki iliyozimuliwa inafaa. Kwenye ukuta, mbao na bodi husafisha rangi ya juu tu; maji yaliyomo kwenye jiki huingia ndani na kuinywesha kuvu iliyobaki. Sabuni, maji kidogo, brashi na kukausha papo hapo hufanya kazi zaidi. Bodi ya jipsam iliyoota hukatwa kupita mpaka wa doa, haisafishwi.

Usichanganye jiki na siki, wala na dawa nyingine ya chooni. Hutoa hewa inayochoma mapafu.

Usiisugue kavu, kwa sababu mbegu zake zote huruka. Lowesha kidogo kwanza, vaa glavu na barakoa nzito, fungua dirisha, na mwenye pumu, watoto na wazee wakae nyumba nyingine siku hiyo. Kuhusu rangi ya kuvu, nyeusi si lazima iwe mbaya kuliko ya kijani. Zote zitoke.

Fundi ana rangi ya kuzuia kuvu. Tupake tu?

Rangi hiyo ni nzuri juu ya ukuta mkavu. Juu ya ukuta mbichi itatoka mapovu na kubanduka. Fanya kwanza mtihani wa nailoni ulioelezwa juu.

## Hali za pekee

Imetokea katikati ya masika. Hakuna jua.

Basi usitegemee madirisha. Chagua chumba kimoja, kifunge, tia kiyoyozi au mashine ya unyevu humo, na vikusanye humo vitu vyenye thamani. Vyumba vingine viendelee na feni. Ni afadhali chumba kimoja kikauke kweli kuliko vitano kukauka nusu. Pemba, ambako mvua ni nyingi kuliko Unguja, ushauri huu unafaa hata nje ya masika.

Misahafu na vitabu vimelowa.

Visimamishe wima, kurasa zimefunguka kidogo, mbele ya feni ya pole, na pitisha karatasi nyeupe kavu kila baada ya kurasa chache. Usivianike juani. Ikiwa ni vingi na huwezi kuvikausha ndani ya siku mbili, vifunge kwenye mifuko safi na uvitie kwenye friza. Barafu haiui kuvu, inaisimamisha, ukapata nafasi ya kukausha kimoja kimoja.

Magunia ya karafuu yalikuwa stoo, maji yamefika chini.

Fungua magunia siku hiyo hiyo. Karafuu zilizolowa zitenge na kavu, zianike upya juu ya jamvi safi, uzigeuze, na uzianue kabla ya jioni. Zilizoota kuvu zisichanganywe na nzuri, kwani gunia zima hushushwa daraja kwa sababu yake.

Mimi ni mpangaji. Nani ananunua rangi, nani analipa?

Inategemea mkataba wenu. La kufanya saa ile ile ni kupiga picha zenye tarehe: bomba lenyewe, alama ya maji ukutani, vitu vilivyolowa. Mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kabla hujatupa chochote.

Maji yaliyoingia ni ya karo. Tofauti ni nini?

Ni kubwa. Magodoro, mazulia, mikeka na bodi zilizoguswa hutupwa, hata kama zimelowa saa moja tu. Sakafu na kuta huoshwa kwa sabuni kwanza, kisha jiki iliyozimuliwa, na ndipo kukausha kuanze. Vaa mabuti na glavu za mpira, na mwenye kidonda mguuni asiingie.